Mhasibu kageuza saa ya kuingia na ya kutoka, mwizi nimekuwa mimi karani

Wakuu, leo nimeitwa mwizi mbele ya wapakiaji wa ghala la korosho hapa Mtwara. Kazi yangu ni kuchukua karatasi za mahudhurio ambazo wasimamizi wa zamu wanazijaza kwa mkono, nizigeuze ziwe saa za kulipwa. Zinanifikia zimekunjwa mara nne, zina vumbi la magunia na duara la kikombe cha chai.

Mstari uliozua balaa ni huu: "Ijumaa, ingia 2, toka 12½, kula 1, ovataimu ½." Ni mpakiaji wa usiku. Mswahili yeyote anaelewa hapo ni saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lakini kompyuta haijui saa zetu, kwa hiyo niliingiza 20:00 na 6:30.

Mhasibu akachukua saa ya kutoka akapunguza ya kuingia, Excel ikamjazia ######## kwa kuwa muda hasi haiuonyeshi. Kuniuliza kakataa. Kageuza seli, 20:00 kutoa 6:30, akapata saa 13 na nusu. Hebu ziangalieni hizo saa: ndizo ambazo kijana hakuwa kazini, alikuwa kwao kalala! Akatoa saa ya kula, akapachika nusu ya ovataimu juu yake, zikawa 13. Meneja kuona 13 akasema nimempa rafiki yangu saa za bure, akamkatia zibaki 9 kavu.

Hesabu yenyewe ni hii, B kuingia, C kutoka, D saa za kula:

```
=MOD(C2-B2,1)*24-D2
```

MOD inavuka usiku wa manane bila kugeuza chochote. Zinatoka saa 10 na nusu, ukitoa moja ya kula ni 9 na nusu. Kawaida 9, ovataimu nusu. Ile ½ ya msimamizi imo humo tayari, anaandika dakika zilizopita saa kumi na mbili. Ukiijumlisha tena umelipa mara mbili.

Na huyohuyo mhasibu, nusu saa anaiandika .30! Nusu ni .5, mzee.

Fundi_Rahaleo: Dada, hapo tatizo ni fomati tu. Weka [h]:mm kila kitu kitakaa sawa.

Karani (mwenye uzi): Kaka, hiyo inasaidia jumla ya wiki, saa 45 zisisomeke 21:00. Hasi inabaki hasi.

Mkulima_Newala: Ghala lipi hilo? Na sisi hela za mnada hatujaziona mpaka leo, mzigo umeshaondoka. Mwambie huyo mhasibu wako atuangalie.

Karani: Mzee wangu, mimi nahesabu saa za vibarua, malipo ya mnada hayapiti mezani kwangu. Pole sana.

Mstaafu_Lindi: Binti, fomula yako haina neno. Na usisahau nyongeza ya usiku: sheria ya ajira ya 2004 inahesabu usiku toka saa 2 hadi saa 12 asubuhi, asilimia 5 kwa kila saa. Ovataimu ni mara moja na nusu. Ila nina swali: huyo kijana alikula wapi?

Karani: Shikamoo mzee. Karatasi inasema kula 1, nami nikatoa 1. Kwani inahusu nini alikulia wapi?

Mstaafu_Lindi: Marahaba. Inahusu sana. Saa ya mapumziko hailipwi endapo mtu ameachiwa kweli. Akitakiwa afanye kazi, au akae tayari kuitwa, hiyo saa ni ya kulipwa. Nimeona karatasi nyingi zenye "kula 1" iliyoandikwa na mtu ambaye hata hakuwepo.

Fundi_Rahaleo: Mzee, hapo unampa kila mtu mwanya wa kusema alikula amesimama.

Mstaafu_Lindi: Ndiyo maana aulizwe msimamizi, tena usiku uleule.

Karani: Wakuu, nimempigia msimamizi sasa hivi. Anasema lori lilikuwa limesimama mlangoni, walikula wali wao juu ya magunia, na dereva akipiga honi sahani inawekwa chini. Honi ilipigwa mara mbili. Kwa hiyo hata 9 na nusu yangu ni mbovu: ni 10 na nusu, ovataimu moja na nusu, na saa moja ya hiyo ovataimu imeangukia kabla ya saa kumi na mbili, nayo ina asilimia zake za usiku. "Kula 1" anasema huwa anaandika kwa kila mtu, kila siku, tangu msimu uanze. Nina karatasi za wiki sita kwenye boksi hapa chini ya meza.

Fundi_Rahaleo: Mungu wangu.