Gumba linauma kwa sababu ya gemu, naomba ushauri

Wakuu, nacheza gemu la kurushiana risasi kwenye simu kama masaa 3 kila usiku, sasa wiki ya pili gumba la kulia linauma pale chini karibu na kifundo cha mkono. Nikilikunja ndani ya ngumi halafu nikainamisha mkono kuelekea kidole cha mwisho, aisee nasikia kama kisu.

Macho yametulia tangu nianze kuangalia mbali kila dakika 20, shingo nayo imepona nilivyoweka mto mapajani simu ikapanda juu. Nimepandisha sensitiviti ili gumba lisiburuze sana lakini wapi. Nipumzike kabisa, nivae kifaa cha kushikilia gumba, au nihamie kucheza kwa vidole vinne? Aliyepona alifanyaje?