Tupeane uzoefu: Nenosiri ni sahihi kabisa, lakini Outlook ya zamani inalikataa

KaraniWaMoro
Wakuu, naanza na langu. Novemba 2021, ofisi yetu ndogo ya usafirishaji hapa Morogoro ilikuwa inasoma barua za Gmail kwa Outlook 2010. Ijumaa bosi akawasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye simu yake, hakumwambia mtu. Jumatatu nawasha kompyuta, kinaibuka kidirisha kinataka jina na nenosiri la imap.gmail.com. Naandika, nabonyeza OK, kinapotea, sekunde chache hicho kimerudi. Nikadhani ni Caps Lock. Nikaliandika nenosiri kwenye Notepad nilione kwa macho yangu, nikalinakili, likakataliwa. Lakini nikienda nalo kwenye kivinjari linapita, inabaki tu bosi athibitishe kwa simu.

Nilipojiharibia ni kubadilisha nenosiri. Nililibadilisha mara tatu siku ile ile, mpaka simu ya bosi na ya dereva mmoja zikatolewa kwenye akaunti, wananipigia wamekasirika, na Outlook bado imenuna. Jioni ndipo nikaacha kubishana na kidirisha, nikaingia kwenye mipangilio ya akaunti nikabonyeza kitufe cha kuijaribu. Hapo nikapata sentensi yenye maana:

```
Application-specific password required
```

Nikaitafuta sentensi hiyo mtandaoni, kumbe Outlook ilitaka nenosiri la programu, yaani herufi 16 ambazo Google wanakutengenezea uziweke kwenye programu badala ya nenosiri lako la kawaida. Nikaziweka, na dakika kumi baadaye barua zilikuwa zinashuka. Ninyi mlikwama wapi?

BabuDizeli
Mnajisumbua. Zima hatua mbili, halafu washa ile ruhusa ya programu zisizo salama. Mimi 2019 nilifanya hivyo, kazi ikaisha.

FundiSeva
Mzee, kwa 2019 uko sahihi. Ruhusa hiyo Google waliiondoa kwenye akaunti za watu binafsi tarehe 30 Mei 2022. Leo ukizima hatua mbili unapoteza ulinzi, na Outlook yako bado itakataliwa.

Karani, tatizo lako halikuwa nenosiri. Programu ya zamani ikifika kwa seva inabisha hodi na vitu viwili tu, jina na nenosiri, na inasubiri jibu la ndiyo au hapana. Seva ingependa kukuuliza "ni wewe kweli? gusa simu yako", lakini programu ile haina mahali pa kukuonyesha swali hilo. Sasa seva ifanye nini? Ikikubali nenosiri peke yake, hatua ya pili inakuwa haina kazi, kwa sababu mwizi naye atapitia mlango huo huo. Kwa hiyo inakataa. Na Outlook ikikataliwa inajua kufanya jambo moja tu, kukuomba nenosiri tena. Ndiyo maana unaona kama umekosea.

Programu mpya hufungua ukurasa wa Google humo humo ndani, unajibu hatua zote mbili, kisha inapewa kibali chake. Nenosiri lako hailioni kabisa. Outlook 2010 haijui utaratibu huo kwa Gmail. Thunderbird za sasa zinaujua, hivyo mwenye Thunderbird achague OAuth2 kwenye mipangilio na aachane na habari hizi.

Mama_Steshenari
Samahani jamani, mimi nimesahau nenosiri la Gmail. Hizo herufi nazipata wapi nifungulie akaunti?

FundiSeva
Dada, hazitakusaidia. Nenosiri la programu linatengenezwa ukiwa tayari umeshaingia kwenye akaunti. Wewe anza na ukurasa wa kurejesha akaunti, tena kwa simu au kompyuta uliyozoea kuitumia.

NekesaEldoret
Mimi nilicheka nikisoma, kwa sababu nilifanya vibaya kuliko Karani. Niliona kila nikiandika nenosiri kwenye kivinjari naletewa meseji ya tarakimu 6. Nikasema basi Outlook inataka hizo tarakimu. Nikawa naziandika kwenye kisanduku cha nenosiri, zinakataliwa, naomba zingine. Siku mbili!

Ndugu yangu ndiye aliyenipeleka myaccount.google.com/apppasswords. Nikaandika jina "Outlook ya duka", zikatokea herufi 16 kwenye mafungu manne ya nne nne. Nikaziweka, barua zikaanza kuingia. Shangwe. Lakini za kutuma zikabaki zimelala kwenye Outbox. Zinaingia, hazitoki. Hapo nilitaka kuitupa kompyuta.

KaraniWaMoro
Hiyo ya kutuma uliitatuaje?

NekesaEldoret
Kumbe Outlook ilikuwa imehifadhi nenosiri mahali pawili. Ukiingia Account Settings, ukachagua akaunti, Change, halafu More Settings, kuna kichupo cha Outgoing Server. Changu kilikuwa kwenye "Log on using", na ndani yake kumekaa nenosiri la zamani, sijui nani aliliweka. Nikahamisha alama kwenye "Use same settings as my incoming mail server", Outbox ikamwagika yote mara moja. Mteja mmoja alipata ankara ile ile mara tatu maana nilikuwa nimeituma upya nikidhani haijaondoka.

Juma_wa_Data
Hilo nenosiri la programu ni kama OTP tu, linaisha baada ya muda. Langu lilifanya kazi miezi minne likafa. Jiandaeni.

FundiSeva
Halina tarehe ya kuisha. Hebu kumbuka, kabla halijafa hukubadilisha nenosiri kuu la akaunti?

Juma_wa_Data
…Nilibadilisha. Nilipoteza simu.

FundiSeva
Basi ndiyo hiyo. Ukibadilisha nenosiri kuu la Google, manenosiri yote ya programu yanafutwa. Tengeneza jipya. La zamani huwezi kulisoma tena hata kama lingekuwepo, linaonyeshwa mara moja tu. Mimi huwa siliandiki popote. Nikilihitaji kwenye mashine nyingine natengeneza lingine lenye jina lake, ili mashine ikiibiwa nifute lake peke yake. Maana mwenye herufi hizo anasoma barua zako zote bila kuulizwa simu.

BabuDizeli
Sasa hapo usalama uko wapi?

FundiSeva
Haujakamilika, Mzee, nakubali. Ila halifungui akaunti kwenye kivinjari, na ukilifuta, nenosiri kuu linabaki palepale.

NekesaEldoret
Nafasi kati ya yale mafungu mnaziacha au mnazitoa? Mimi nilinakili pamoja nazo, ikakubali.

KaraniWaMoro
Mimi nilizitoa, nikaandika herufi 16 mfululizo. Sikuthubutu kujaribu vinginevyo.

Salim_Tanga
Yangu ni Hotmail ya zamani. Nimetengeneza nenosiri la programu kwa Microsoft vizuri, Outlook 2010 inalikataa vilevile.

FundiSeva
Microsoft walifunga kuingia kwa jina na nenosiri tupu kwenye akaunti hizo za binafsi tarehe 16 Septemba 2024. Huko nenosiri la programu halikuokoi, tafuta programu mpya au soma kwenye kivinjari.

Mhasibu_Shule
Sisi ni mashine ya fotokopi inayoskani na kutuma kwa Gmail. smtp.gmail.com, mlango 587, nenosiri la programu nimeweka jipya leo asubuhi. Bado haitumi.

FundiSeva
Inaandika nini? Kama kuna namba 535, ni jina au nenosiri, angalia kama sehemu ya jina umeweka anwani nzima. Kama inasema imeshindwa kuunganisha, haijafika hata kwenye nenosiri, na kwa mashine ya zamani nahisi ni usimbaji wake ambao Google hawaukubali tena.

Mhasibu_Shule
Inaandika "Connection error". Mashine tuliletewa imetumika, ngoja nitafute kitabu chake kwanza.