Tupeane uzoefu: ankara za kughushi na taarifa za "tumebadilisha akaunti ya benki"

Karani wa Mlandege

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Naomba tuelezane yaliyotufika katika ankara za kughushi, hasa zile zinazofuatana na taarifa kwamba muuzaji amebadilisha akaunti ya benki. Naanza na langu, ingawa kulisimulia bado kunanitia haya.

Duka letu huagiza vigae Dubai kwa muuzaji mmoja tuliyezoeana naye kwa miaka minne. Agizo hili lilikuwa la dola 26,300. Tulitanguliza asilimia 30, yaani dola 7,890, katika akaunti yake ya siku zote, tukakubaliana kuwa dola 18,410 zilizobaki tutazilipa akishatuletea nakala ya hati ya shehena. Siku mbili baada ya kontena kupakiwa, Ijumaa mchana, iliingia baruapepe ndani ya mazungumzo yetu yale yale, ikiwa na ankara yenye namba ile ile, vigae vile vile na muhuri ule ule. Ilisema kuwa akaunti ya zamani imo katika ukaguzi, kwa hivyo tulipe katika mpya, na kwamba tukichelewa hadi Jumatatu hati asilia hazitatumwa. Nilikimbilia benki kabla haijafunga.

Nilichokosa kukiona ni viwili. Herufi `m` katika anwani ya muuzaji ilikuwa imeondolewa, zikawekwa `r` na `n`, ambazo kwenye kioo cha simu hushikana zikawa kama `m`. Na namba ya akaunti, ambayo zamani ilianza na `AE`, safari hii ilianza na `GB`. Kampuni ni ya Dubai, mzigo umetoka Dubai, na pesa zinakwenda Uingereza. Mimi nikanakili tarakimu moja baada ya moja bila ya kujiuliza.

Kijana wa Paje

Pole sana, kaka. Mimi hupata kila wiki ujumbe wa "ile pesa itume kwa namba hii", nami huwa naituma namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripotia utapeli, na kuendelea na shughuli zangu. Kwa nini hukufanya hivyo?

Karani wa Mlandege

Ahsante, mdogo wangu, lakini huo ni utapeli mwengine. Ujumbe wa aina hiyo hurushwa kwa watu wengi bila ya mtumaji kujua nani ana deni na nani hana. Aliyeniandikia mimi alijua namba ya ankara, kiasi kilichobaki na siku kontena lilipopakiwa.

Binti Wete

Langu lilikuwa dogo, lakini linafanana. Tunaendesha nyumba ya wageni, na mabati tulikuwa tukiyachukua kwa muuzaji wa Unguja. Ilikuja ankara ya shilingi 6,450,000 yenye akaunti mpya. Mimi si mtu wa kulipa bila ya kuuliza, kwa hivyo nilipiga simu. Akapokea bwana mmoja mwenye adabu nyingi, akanitajia hata idadi ya mabati, akanihakikishia kuwa mabadiliko ni ya kweli.

Kilichoniokoa ni bahati tu. Jioni ile nilikuwa natafuta risiti nyengine, nikakuta hati ya zamani ya kupokelea mzigo, na namba ya simu iliyochapishwa pale haikuwa ile niliyoipiga. Namba niliyoipiga niliitoa kwenye ankara yenyewe. Nilimuuliza tapeli kama yeye ni tapeli, naye akanijibu kwa heshima kuwa siye.

Maalim Hesabu

Bi mkubwa wa Wete amegusa pahala penyewe. Nimefanya kazi ya uhasibu wa mahoteli ya ukanda wa mashariki kwa muda mrefu, na ninavyoona mimi kosa huanzia kwenye njia tunayoitumia kuhakiki. Simu ipigwe kwa namba iliyokuwapo kabla ya taarifa ya mabadiliko: ya mkataba, ya ankara za mwaka uliopita, au iliyo katika simu yako tangu zamani. Usibonyeze "jibu" katika baruapepe ile, kwa sababu jibu lako linaweza kumrudia mwandishi wake. Na ukishampata mtu unayemjua sauti, usimsomee akaunti mpya ukamuuliza kama ni sahihi, bali mwambie yeye akusomee anayoijua. Mtu mwenye haraka huitikia "ndiyo" kwa chochote.

Pale kwetu tulikuwa na kanuni moja nyengine. Anayebadilisha akaunti ya muuzaji katika daftari hakuwa yule anayeidhinisha malipo, na malipo ya kwanza katika akaunti mpya yalilala siku mbili hata kama kila kitu kimehakikiwa. Wauzaji wa kweli walinung'unika, lakini sikumbuki hata mmoja aliyeacha kutuuzia kwa sababu hiyo.

Nahodha Mstaafu

Nyote mnajisumbua. Anwani ikiwa ni ile ile herufi kwa herufi, lipa. Ukiwa na shaka, tuma dola 50 kwanza, muulize kama zimefika, ndipo utume zilizobaki. Na jina la akaunti lisipolingana, benki itazirudisha.

Maalim Hesabu

Kuikagua anwani ni sawa, nahodha, lakini hakutoshi. Mara nyingi sanduku la baruapepe la muuzaji mwenyewe ndilo lililoingiliwa, na tapeli huandika kutoka humo humo. Huweka kanuni ya kuzificha barua za mteja ili mwenyewe asizione. Ndiyo maana hujua siku ya kontena. Anayetumia Gmail afungue mipangilio aangalie `Filters and Blocked Addresses` na `Forwarding and POP/IMAP`; akikuta barua zinapelekwa anwani asiyoijua, sanduku lake si lake peke yake.

Hizo dola 50 zitafika bila ya shaka, na tapeli ndiye atakayekujibu kuwa zimefika. Jaribio hilo lina maana ikiwa utamuuliza muuzaji kwa simu ya zamani. Ama jina, malipo ya nje mara nyingi huingizwa kwa kufuata namba ya akaunti, kwa hivyo usiitegemee benki ya upande wa pili ikugundulie.

Binti Wete

Je, Karani, ulipata kitu?

Karani wa Mlandege

Niligundua Jumanne, muuzaji aliponipigia kuuliza mbona kimya. Nilikwenda benki saa hiyo hiyo na nakala ya malipo, wakatuma ombi la kuzirejesha, nami nikaripoti polisi. Benki ya kule ilikuta dola 3,100 tu zimebaki katika akaunti, zikazuiwa. Nyingine zilikuwa zimeshatolewa tangu Jumatatu. Niliambiwa kuwa ningefika Ijumaa ile ile jioni, hali ingekuwa nyengine.

Hasara haikuishia hapo. Muuzaji hakuachia hati asilia kwa kuwa hajalipwa, na bila ya hati hizo wakala wetu wa forodha hakuweza kulitoa kontena, likakaa bandarini huku gharama za kuhifadhi zikiongezeka kila siku. Baadaye ilidhihirika kuwa sanduku lililoingiliwa lilikuwa lake. Mimi nasema basi na yeye abebe sehemu. Yeye anasema aliyelipa bila ya kupiga simu ni mimi.

Nahodha Mstaafu

Hapo mimi nipo na wewe. Mlango uliovunjwa ni wake.

Maalim Hesabu

Mimi sina hakika, nahodha. Mkataba wao ulisema nini kuhusu kubadilisha akaunti?

Karani wa Mlandege

Haukusema lolote, maalim. Ulikuwa ukurasa mmoja, na nusu yake ni vipimo vya vigae.