Lita na bei kwenye chati moja yenye mihimili miwili: niiache au niibadilishe?

Karani wa Maziwa
Wakuu, habari za leo. Mimi ni karani wa kituo cha kukusanya maziwa cha ushirika wetu, huku mkoani Njombe. Kwa ajili ya mkutano wa wanachama nilichora chati kwenye Excel: lita tulizopokea kila mwezi zinasomwa kushoto, bei ya lita inasomwa kulia. Januari tulipokea lita 24,000 kwa shilingi 800. Kufikia Agosti kiangazi kimekaza, lita zimeshuka hadi 18,000 na bei imepanda hadi 920.

Mwenyekiti akaitazama, akaweka kidole pale mistari inapokatana, kati ya Mei na Juni: "Hapa kulitokea nini mpaka bei ikazipita lita?" Nikakosa la kujibu. Mjumbe mwingine akadakia, kama bei imepaa namna hii mbona yeye hajaiona hela.

Njia ninazoziona ni tatu: niiache ila niiboreshe rangi, nizitenganishe ziwe chati mbili, au nigeuze vyote kuwa asilimia. Ipi?

Fundi wa Mtaa
Rahisi tu mkuu. Bonyeza kulia kwenye mstari wa bei, nenda Format Data Series, chagua Secondary Axis. Usipofanya hivyo bei inajilaza chini kabisa, haionekani.

Karani wa Maziwa
Asante, lakini huo mhimili ninao tayari. Ndio ulionitia matatani.

Bi Takwimu
Mwenyekiti wako hana kosa. Mtu akiona mistari miwili imekatana anasoma kwamba huyu kampita yule, na hakuna rangi itakayomzuia. Lakini shilingi haziwezi kuzipita lita, kama ambavyo kilo haziwezi kuzipita mita. Mahali pa kukatana pamechaguliwa na Excel, si na ng'ombe wenu.

Ukiiachia Excel ipange mhimili yenyewe, inaangalia tofauti kati ya namba kubwa na ndogo. Tofauti hiyo ikizidi kama sehemu moja ya sita ya ile kubwa, mhimili unaanzia sifuri. Isipozidi, inakata chini na kuanzia karibu na data. Lita zako zimepungua 6,000 kutoka 24,000, robo nzima, kwa hiyo zimeanzia sifuri. Bei imetofautiana kwa 120 tu juu ya 920, haifiki sehemu ya sita. Kaangalie, nadhani kulia kumeanzia 740 au hapo karibu.

Karani wa Maziwa
Duh! Ni 740 hadi 940. Kushoto ni 0 hadi 30,000.

Bi Takwimu
Sasa pima kwa rula. Lita zimeshuka kwa asilimia 25 lakini mstari wake umeteremka sehemu moja tu ya tano ya kimo cha chati. Bei imepanda kwa asilimia 15 na mstari wake umepanda zaidi ya nusu ya kimo. Badiliko dogo ndilo linaloonekana kubwa. Ndiyo maana mjumbe anauliza hela iko wapi.

Mzee Kapu
Basi anzisha mihimili yote miwili sifuri, mjadala umekwisha. Mbona mnamzungusha kijana wa watu?

Bi Takwimu
Inapunguza, Mzee, haimalizi. Acha lita 0 hadi 30,000. Bei ukiipa 0 hadi 1,000, mistari inaanza pamoja Januari kisha inaachana. Ukiipa 0 hadi 2,000, bei inakaa chini ya lita mwanzo hadi mwisho na haikatani nazo popote. Zote zimeanzia sifuri, data ni ile ile, na mwenyekiti atauliza maswali mawili tofauti.

Ile ya 1,000 ndiyo afadhali, ila ujue kwamba hapo umeshaingia kwenye njia ya tatu ya Karani bila kujua: kila kitu kinapimwa dhidi ya Januari. Ni bora kuifanya waziwazi, Januari iwe 100 kwa vyote viwili:

```
=B2/B$2*100
```

Agosti lita zinakuwa 75 na bei 115, kwenye mhimili mmoja. Ubaya wake ni mwezi wa kuanzia. Kama Januari haikuwa ya kawaida, tuseme barabara ilikatika na mvua na magari hayakufika, miezi yote inayofuata itaonekana mizuri kuliko ilivyo.

Mwalimu wa Jiografia
Samahani, mbona sisi darasani tunafundisha grafu ya hali ya hewa yenye mvua kwa nguzo na joto kwa mstari, mihimili miwili? Ukichora ya Dar es Salaam, masika na vuli vinaonekana bila shida. Ina maana tunapotosha watoto?

Bi Takwimu
Hapana, Mwalimu. Nguzo na mstari vina maumbo tofauti, kwa hiyo jicho halishawishiki sana kuvishindanisha. Halafu kuna aina ya grafu hizo, za Walter na Lieth, ambapo skeli imefungwa: nyuzi 10 za Selsiasi zinalingana na milimita 20 za mvua. Mstari wa mvua ukishuka chini ya ule wa joto, huo ni msimu mkavu. Pale kukatana kuna maana kwa sababu mtu aliamua uwiano mapema na akatoa sababu. Lita na bei za Karani hazina uwiano wa namna hiyo.

Mfuga Kuku
Mimi nilijaribu ile ya nukta, mayai chini na bei pembeni, nikaunganisha nukta mwezi kwa mwezi. Niliona mengi mwenyewe. Mama watoto akauliza hii nyoka ni ya nini. Kwa mkutano wa wanachama sikushauri.

Bi Takwimu
Kwa watu waliokaa nayo ni nzuri, kwa mkutano hapana. Karani, mimi ningeweka chati mbili, lita juu na bei chini, miezi ile ile. Angalia jambo moja: "30,000" ni pana kuliko "940", kwa hiyo Excel itaisogeza ile ya juu kulia na Mei haitakaa juu ya Mei. Vuta Plot Area kwa mkono mpaka zilingane.

Lakini yule mjumbe hakuuliza lita wala bei, ameuliza hela. Zidisha. Januari 24,000 × 800 ni shilingi 19,200,000. Agosti 18,000 × 920 ni 16,560,000. Bei imepanda na bado mapato yamepungua kwa 2,640,000. Hiyo chati yake ina mstari mmoja tu.

Karani wa Maziwa
Hii imenigusa. Basi mapato yawe makubwa juu, lita na bei ndogo chini yake.

Mzee Kapu
Chati tatu kwenye karatasi moja ya A4, ukumbi wa wazee wasio na miwani. Bado nasema mojawapo itolewe.

Mfuga Kuku
Kabla hujazidisha, mnunuzi wenu anawalipa lini? Wetu bei ya Juni anaitumia kwa mayai ya Mei. Kama ni hivyo na kwenu, bei zako zimekaa kwenye mwezi usio wake na zile milioni 16 si sahihi.

Karani wa Maziwa
Anatulipa kila baada ya siku 15, na nadhani bei niliinakili kwa tarehe ya malipo. Ngoja nikaangalie stakabadhi.