Naomba ushauri: tangazo la ufunguzi wa duka Mwanga, Kigoma. Ofa ipi itangulie?

Binti wa Mwanga
Habari za majukumu wakuu. Jumamosi hii nafungua duka la vyakula hapa Mwanga, njia ya kwenda sokoni. Fremu tayari, mzigo umeshaingia, na Ijumaa na Jumamosi nimekodi bajaji yenye spika izunguke Mwanga, Gungu mpaka Katubuka. Kijana wa bajaji anataka maneno leo jioni ayarekodi kwenye flashi. Nimeandika hivi:

"Habari njema, habari njema kwa wakazi wote wa Mwanga na vitongoji vyake! Uongozi wa duka jipya la vyakula unayo furaha kuwatangazia ufunguzi rasmi wa duka lao siku ya Jumamosi. Kutakuwa na mawese safi kwa bei nafuu, biskuti za kila aina, sabuni za kufulia, soda ya bure kwa watoto, pamoja na sukari kilo shilingi 2,600 tu. Nyote mnakaribishwa!"

Mdogo wangu anasema ni refu na halina mvuto. Mnisaidie kulipanga, ofa ipi ianze? Sukari hapa mtaani ni 3,000. Mimi mfuko wa kilo 50 nimeupata kwa 140,000.

Kaka wa Gungu
Hongera dada. Ila umeshachukua leseni ya biashara na TIN? Watu wanakimbilia matangazo, wakaguzi wakipita wanafunga siku hiyohiyo.

Binti wa Mwanga
Vyote ninavyo kaka, asante. Shida yangu ni maneno ya tangazo.

Mpiga Debe Mstaafu
Mimi nimetangaza minadani miaka mingi. Kitu kitamu weka mwisho. Anza na biskuti, nenda sabuni, watu wasogee, wasubiri, halafu sukari unaipiga mwishoni wakiwa wameshajaa. Ukiimwaga mwanzoni umemaliza maneno.

Fundi Spika
Mzee wangu, hayo ni ya mnadani, na huko uko sahihi kabisa, kwa sababu mtu amesimama mbele yako na hana pa kwenda. Bajaji inapita. Mama yuko uani anafua, anachosikia vizuri ni sekunde ishirini hivi tangu bajaji ikaribie mpaka ipotelee kwenye kona. Tangazo la dada nimelisoma kwa sauti ya spika, polepole na kwa vituo, limekula karibu dakika nzima. Huyo mama atasikia "uongozi unayo furaha" na bajaji imeshafika kwa jirani.

Tena kuna jambo wengi hawalioni. Rekodi ya bajaji inajirudia, kwa hiyo msikilizaji hana "mwanzo". Mmoja atalidaka kwenye biskuti, mwingine kwenye soda. Kusema "sukari ianze" peke yake hakutoshi. Tangazo liwe fupi kiasi kwamba yeyote atakayelidaka popote alipate lote, na sukari itajwe inapoanza na inapofunga, ili rekodi ikijirudia zigusane. Ningefanya hivi:

"Sukari kilo elfu mbili mia sita! Sukari, elfu mbili mia sita! Ni Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, kila mtu kilo mbili, mpaka mzigo uishe. Sembe na sabuni ya mche nazo zimeshuka bei. Duka jipya Mwanga, njia ya sokoni. Sukari, elfu mbili mia sita!"

Lisome huku unatazama saa. Likizidi sekunde 20, toa sembe na sabuni, usiguse mahali wala siku. Na rekodi ya Jumamosi yenyewe iseme "leo", maana "Jumamosi hii" ikilia siku ya Jumamosi kuna watakaodhani ni wiki ijayo.

Mama Duka Ujiji
Fundi kasema vizuri habari ya spika, mimi niseme habari ya bidhaa. Mwanangu, mawese yametangulia kwenye orodha yako kwa nini? Hapa ni Kigoma. Nusu ya majirani zako wana shangazi kijijini anayewaletea dumu. Mawese kwa bei nafuu hayamtoi mtu nyumbani. Biskuti nazo, nani anaijua bei ya biskuti kichwani? Ukimwambia imeshuka hana pa kupimia. Sukari bei yake anaijua hata mtoto anayetumwa dukani, kwa hiyo ukisema 2,600 mtu anashtuka bila wewe kumwambia "bei nafuu". Hilo ndilo la kwanza.

Sasa piga hesabu. Kilo imekufikia 2,800, unauza 2,600, unapoteza 200 kila kilo. Ukitoa mifuko minne, kilo 200, umepoteza 40,000, na kwa kilo mbili kila mtu umehudumia watu mia. Futa soda, hela yake ndiyo ilipie hasara hiyo. Soda ya bure inaleta watoto bila mama zao. Ila usipoweka kikomo, wenye maduka wenzako watatuma vijana wabebe mifuko mizima saa mbili na nusu, na wateja wako wakute patupu. Sukari ipimwe Ijumaa usiku, kilo kilo kwenye mifuko ya karatasi, foleni isikwame kwenye mizani.

Mnyamwezi wa Cheyo
Huku Tabora jirani yangu alifungua kwa sukari hivyohivyo. Saa nne ikaisha, bajaji ikaendelea kuzunguka inaita sukari mpaka jioni. Watu waliotoka mbali walimtukana mlangoni, na wengine hawajarudi mpaka leo. Tena alikuwa na mchele mzuri tu.

Fundi Spika
Ndiyo maana nasema Jumamosi ziwe rekodi mbili kwenye flashi moja. Ya pili sukari haimo kabisa, inaanza na sembe. Zikibaki kilo hamsini za mwisho, dada anapiga simu, kijana anabadilisha. Usisubiri ziishe, kwa sababu anayeisikia sasa hivi Katubuka anahitaji muda wa kufika.

Mama Duka Ujiji
Na mlangoni usiite sukari tena. Aliyepanga foleni ameshaijua. Hapo mweke huyo mdogo wako mwenye maneno, aseme "majani ya chai yako kulia, sabuni mbele yako". Sukari iweke ndani mwisho, apite kwenye vitu vyenye faida kwanza. Wateja wa mwanzo waulize wamesikia nini. Wengi wakijibu "nimesikia kuna duka jipya" bila kutaja sukari, spika haisikiki au bajaji inakimbia.

Mpiga Debe Mstaafu
Hapo mlangoni basi ndipo pangu. Ila bei msitaje kwenye bajaji siku ya Ijumaa. Semeni "sukari bei ya kutupa". Mkitaja, wa jirani Jumamosi asubuhi ameshusha hadi 2,600 na ofa imekufa.

Fundi Spika
Mzee, "bei ya kutupa" kila duka linasema. Bila namba hatoki mtu.

Mama Duka Ujiji
Mzee ana hoja, mimi nimeshaliona likitokea. Lakini jirani akishusha naye anapoteza 200 kila kilo, sijui atavumilia siku ngapi.

Binti wa Mwanga
Asanteni sana wakuu. Soda nimefuta, mawese nimetoa, sukari mifuko minne. Namba kuitaja Ijumaa au kungoja Jumamosi bado nasita, maana wa jirani yangu ana mtaji mkubwa kuliko mimi. Nitarekodi yenye namba na isiyo na namba. Fundi, kijana anadai spika yake moja imekufa, imebaki ya mbele tu. Apite barabara zilezile?

Fundi Spika
Basi apite kila mtaa mara mbili, kwenda na kurudi, na mwendo wa mtu anayetembea. Ukiona anakimbia, mpunguzie hela.