Nimeambiwa salamu zangu nipeleke sokoni!! Na mnamjua aliyesema

BintiKondele
Wadau, nimechemka mpaka kifuniko kimeruka. Hata chai sijanywa. Naandika nikiwa kitandani, na bosi akiuliza mbona nimechelewa nitamwonyesha huu uzi asome mwenyewe.

Kila familia ina yule mtu. Simtaji, mnamjua, hata wenu sasa hivi yuko kwa grupu anapakua waridi. Anaamka kabla ya jogoo na kabla ya muadhini, na kazi ya kwanza ni kutumwagia picha. Waridi lenye umande. Njiwa mweupe. Kikombe cha kahawa, na kwetu hakuna hata mtu mmoja anayekunywa kahawa. Mwaka wa nne huu kikombe ni kile kile. Kama ingekuwa kahawa ya kweli, saa hii ingekuwa imeota uyoga.

Sasa leo nikasema, wacha na mimi niandike salamu yangu kwa kidole changu. Kukhu, yaani nyanya yetu, yuko nyumbani Chwele. Jumatano moja alitwambia amemwekea kuku mayai 11, na mimi nikaweka alama kwa kalenda ya ukutani. Leo ndiyo siku ya 21. Saa 11:12 alfajiri nikaandika: "Mulembe watu wa nyumbani. Huku Kondele mvua imepiga mabati usiku kucha, milima ya Riat haionekani kwa ukungu. Kukhu, leo ni siku ya 21, umesikia chochote chini ya kuku?"

Si ni salamu hiyo? Si ina mtu ndani?

Dakika mbili. MBILI. Yule mtu akashusha picha sita mfululizo, ya kwanza imeandikwa "Jumatatu njema". Leo ni Jumatano! Halafu chini yake akaandika, na haya ndiyo maneno pekee aliyowahi kuandika mwenyewe tangu grupu ifunguliwe: "Dada, tutumie salamu za maana, hizi za kuku peleka sokoni."

Za kuku. Peleka sokoni.

Na watu saba wakaweka kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi, akiwemo ndugu yangu wa tumbo moja niliyemlipia karo kidato cha tatu na cha nne. Kukhu hajajibu mpaka sasa. Swali lake limezikwa chini ya maua kama marehemu.

Sina swali. Nimekuja kulia tu. Peleka sokoni!

BodaNyalenda
Hahaha wueh. Ni soko gani lakini, Jubilee ama Kibuye? Uliza vizuri nikubebe.

BintiKondele
Boda usinianze.

ShiroSection58
Pole dada. Kama unatafuta salamu za maana chukua hii, mimi huituma kila siku na watu wanabarikiwa: "Asubuhi njema! Leo Mungu akufungulie milango saba ambayo hakuna mwanadamu anaweza kufunga. Tuma kwa watu 10 unaowapenda, nami pia unirudishie."

BodaNyalenda
Shiro, umesoma uzi ama umeona neno salamu ukakimbia?

Kijana_FreeArea
Shida hapa ni ile alama. Ukisambazia watu watano inatokea mishale miwili na "Forwarded many times", kila mtu anajua umeokota. Dawa ni kukopi maneno na kubandika. Alama inapotea, unaonekana umeandika mwenyewe. Salamu mpya kila asubuhi, jasho hakuna.

FundiSimu_Kakamega
Nusu ni kweli. Si kutuma kwa watu watano. Ni ujumbe kupitia mikono mitano au zaidi tangu kwa yule aliyeuandika. Wewe unaweza kuutuma mara moja tu na bado uwe na mishale miwili, kwa sababu ulikufikia ukiwa umeshachoka. Ukishafika hapo, tangu Aprili 2020 WhatsApp inakuruhusu uusambaze kwa chati moja kwa wakati mmoja. Kwa hivyo mtu anayetuma waridi la mishale miwili kwa grupu nne anakaa pale anarudia mara nne. Hiyo ni bidii, tumpe heshima yake.

Kubandika alama inapotea kweli, lakini maneno hayabadiliki. Shangazi yangu alibandika salamu kwa grupu ya familia ikianza "Wapendwa wanakwaya wa sauti ya tatu". Sisi kwetu hakuna anayeimba.

Mwalimu_Njoro
Binti, mimi ni mstaafu na ndiye admini wa grupu yetu ya watu 27, kwa hivyo nimeona mengi. Nakuunga mkono, lakini si yote.

Salamu za kwetu ni maswali. Mtu akikukuta njiani anauliza umeamkaje, watoto wazima, mvua imefika huko. Unajibu, na wewe unauliza. Waridi halikuulizi kitu, ndiyo maana watu wanaliwekea viganja viwili vya amina na kunyamaza. Sisi tulijaribu zamu, kila nyumba na siku yake. Wiki ya pili tukakwama, kwani kila nyumba ilileta waridi lake. Zamu inabadilisha mtumaji tu.

Kilichotutoa hapo ni mama watoto. Alisema salamu iwe na kitu ulichokiona leo kwa macho yako, jina la mtu mmoja, na swali ambalo huyo mtu atalijibu kwa mstari mmoja hata akiwa kwa matatu. Alhamisi mkwe wangu akaandika: "Njoro baridi, sukuma imelala na barafu. Baba Kip, ile mota ya kisima ilikubali?" Baba Kip akasema ilikubali ila inanguruma. Kijana wetu wa Eldoret akasema huenda ni beringi, nirekodie sauti nisikie. Akarekodiwa. Mwingine akauliza maji yenyewe yanatoka ya rangi gani. Kufika saa 3, watu tisa wameongea na hakuna aliyesema asubuhi njema.

Swali likiwa kubwa linakufa. Siku moja mjukuu alituambia kila mtu aseme anashukuru nini maishani. Kimya mpaka jioni, kama mtihani. Na usitaje jambo la mtu la ndani. Mimi nilimuuliza shemeji mbele ya wote kama ule mkopo ulitoka, na hajanisalimia tangu Pasaka.

Sasa kosa lako. Kukhu anasoma mwenyewe?

BintiKondele
Macho hayaoni vizuri. Anasomewa na mtoto wa jirani akitoka shule.

Mwalimu_Njoro
Basi ulimwandikia mtoto wa jirani. Swali la Kukhu ni la sauti, sekunde kumi, kwa lugha ya nyumbani. Mtoto anambonyezea, naye anajibu hapo hapo kwa sauti yake. Na swali likizikwa, usiliandike upya kwa hasira. Livute kidole kulia, ulijibu wewe mwenyewe "Kukhu bado tunangoja". Linapanda tena juu ya maua.

BintiKondele
Ya sauti nimekubali mwalimu. Lakini PELEKA SOKONI je? Hiyo naivuta upande gani?

BabaPacha_Webuye
Wewe unalia kuku, mimi simu ilikataa kupiga picha siku ya mahafali ya mtoto. Imejaa! Nikaangalia imejaa nini. Asubuhi njema. Zote ni asubuhi njema. Nimeziondoa kwa galari lakini bado inasema imejaa.

FundiSimu_Kakamega
Ulizima "Media visibility", sivyo? Hiyo inaficha picha mpya kwa galari, haiondoi kitu. Ingia "Settings", "Storage and data", halafu "Manage storage". Kuna rafu yake kabisa imeandikwa "Forwarded many times". Fungua, angalia usije ukafuta hati ya shamba ambayo pia ilipitia mikono mingi, kisha futa. Halafu zima "Media auto-download", la sivyo wiki ijayo utarudi hapa.

BabaPacha_Webuye
Mungu akubariki. Zilikuwa 2,300.

BodaNyalenda
2,300! Hilo si grupu, hilo ni duka la maua.

MamaMaombi_Bungoma
Mnacheka. Mimi ndiye huyo mtu kwetu. Mzee wangu alipofariki watoto walishakuwa mijini wote. Sijui kuandika mambo marefu. Nikituma ua saa 11 asubuhi maana yake ni kwamba nimeamka. Siku moja sikutuma, malaria imenilaza, na kabla ya saa 2 watoto watatu walikuwa wamepiga simu. Sasa mwambieni huyo wenu aache, halafu mtajuaje kama ameamka?

Mwalimu_Njoro
Mama, hapo umeniweza. Hilo sikulifikiria.

Kijana_FreeArea
Si aandike tu "nimeamka"?

MamaMaombi_Bungoma
Mtoto, ua nabonyeza mara moja. Hilo neno ni herufi nane na miwani sijui iko wapi.

BintiKondele
Mama pole sana, na wewe tuma maua yako. Lakini wewe hukumwambia mtu apeleke kuku sokoni! Huyu wetu ana miaka 34 na macho yake ni mazima kuliko yangu!

ShiroSection58
Kwani kuku ni wa kuuza?

Mpangaji_Kisumu
Nyinyi mna bahati ni familia. Kwetu kwa ploti mwenye nyumba anatuma "Asubuhi njema wapangaji wapendwa" na picha ya jua, halafu chini yake maji yatafungwa. Nikiona jua moyo unadunda. Naomba ushauri, nikitoka kwa hiyo grupu nitajuaje siku ya maji?

BodaNyalenda
Tafuta ndoo ndugu yangu.

BabaPacha_Webuye
Turudi kwa maneno ya maana. Binti, hayo mayai 11 yalikuwa ya kienyeji halisi ama ya mchanganyiko? Kukhu aliyapima kwa tochi?

BintiKondele
Ya kienyeji. Siku ya nane aliyamulika usiku, mawili hayakuwa na mishipa, akayatoa. Yalibaki 9. Lakini BabaPacha, tulikuwa tunaongea kuhusu salamu.

BabaPacha_Webuye
Tisa ni mazuri. Asimsumbue kuku leo, asiinue kuchungulia, unyevu unapotea vifaranga vinanasa kwa gamba. Ampe maji karibu tu.

ShiroSection58
Vifaranga vya mwezi mmoja huko Chwele ni pesa ngapi? Nataka sita.

Mpangaji_Kisumu
Mimi nitachukua jogoo akishakua. Mwenye nyumba hajasema kitu kuhusu kuku.

BintiKondele
Kukhu amenitumia sauti sasa hivi!! Vimetoka vinne na la tano limetobolewa. Nyuma nasikia vinalia. Nimeiweka kwa grupu na yule mtu ameijibu kwa waridi.

ShiroSection58
Hongera. Kwa hivyo sita haviwezekani? Niandikie vinne.

BodaNyalenda
Binti, mimi nimeshawasha piki. Tunaenda soko gani?