Uenyekiti wa klabu au ukatibu wa vicoba: upi una uzito kwenye usaili?

Mhitimu Mtarajiwa: Wakuu, namaliza chuo mwezi wa saba. Kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa uongozi. Nafasi za kujitolea nimepata mbili: mwenyekiti wa klabu ya mazingira, au katibu wa vicoba vya mtaani kwetu. Nichukue ipi?

Mama Debe: Uenyekiti, mwanangu. Jina lenyewe linaonekana kwa mbali.

Kaa la Moto: Kujitolea ni utumwa tu. Nafundisha bure mwaka wa pili, posho elfu hamsini, tena ikipatikana. Uongozi uko wapi hapo?

Mzee wa Usaili: Nimekaa kwenye usaili miaka mingi. Mwenyekiti tunamuuliza: ulishika nini mpaka kikaisha? Wengi wanabaki na siku ya kupanda miti. Namkumbuka binti mmoja, katibu wa vicoba, wanachama 24. Leja ilisema 1,860,000, sandukuni zikahesabiwa 1,790,000. Badala ya kumnyooshea kidole mweka hazina, mama wa makamo, aliomba vitabu vya wanachama wote akalinganisha kimoja kimoja. Kumbe rejesho la 40,000 na la 30,000 yalitumwa kwa simu ya mweka hazina, yakaandikwa, ila hayakutolewa kuingia sandukuni. Akamwendea kwanza pembeni. Kikao kilichofuata kikapitisha kwamba kila fedha iwekwe mezani, isomwe kwa sauti na iandikwe leja na kwenye kitabu cha mwanachama kabla ya kufuli tatu kufungwa. Tulipomuuliza amewahi kumkosoa vipi aliyemzidi umri, hakuhangaika kutafuta jibu.

Kaa la Moto: Vicoba si kujitolea, mzee. Mwisho wa mzunguko mnagawana faida.

Mzee wa Usaili: Faida inafuata hisa zake, si kalamu yake. Ila hapo umenigusa kidogo: kwenye CV aandike "katibu", neno "kujitolea" si lazima. Na wewe, shuleni ratiba ya zamu anapanga nani?

Kaa la Moto: Mimi. Walimu 11, na kila Ijumaa kuna anayegoma.

Mzee wa Usaili: Na hicho hujakiandika popote, naamini.

Mama Debe: Subirini. "Mama wa makamo" ndiyo nini? Mimi ni mweka hazina miaka tisa. Nikitoa hela za watu kwenye simu, makato nafidia mfukoni mwangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza!

Chumvi ya Pwani: Shikamoo mama. Kwetu anayetuma anaongeza ya kutolea, asipoongeza rejesho halijatimia.

Mama Debe: Marahaba. Jaribu kumwambia hivyo shemeji yangu.

Kaa la Moto: Makato ni ya kikundi. Mnawaonea waweka hazina.

Chumvi ya Pwani: Kwa hiyo aliyeleta taslimu amlipie aliyekaa nyumbani na simu yake?

Mhitimu Mtarajiwa: Wakuu, na swali langu je?

Mama Debe: Kwanza tuambie, vicoba vya kwenu makato anabeba nani?